Robocopy: kuakisi folda ya ofisi kwenye seva bila kupoteza tarehe wala ruhusa

Mhasibu anapoburuta folda kwa kipanya kutoka kwenye diski ya kompyuta yake kwenda kwenye seva ya ofisi, mafaili yote hufika. Kinachobaki njiani ni taarifa zilizoyazunguka. Tarehe ya kuundwa kwa kila faili inageuka kuwa ya leo, na folda zenyewe zinaonekana kama zimezaliwa asubuhi hii. Ruhusa zinabadilika pia: faili linalonakiliwa kwa njia ya kawaida huchukua ruhusa za folda linamoingia. Orodha ya mishahara iliyokuwa ikifunguliwa na watu wawili tu inaweza kufunguliwa na ofisi nzima, na hakuna ujumbe wowote utakaotokea kwenye skrini kuonya.

Windows ina chombo cha kuzuia hayo, nacho kimo ndani ya kompyuta tayari. Kinaitwa robocopy. Kilianza kama nyongeza ya mafundi katika zama za Windows NT 4.0, kikawa sehemu ya kawaida ya mfumo kuanzia Windows Vista na Windows Server 2008. Hakina vitufe wala picha. Kinaandikwa kwa maneno kwenye dirisha la amri. Kwa sababu hiyo watu wengi hukikwepa, na wengine hunakili amri waliyopewa na mwenzao wakaiendesha bila kujua kila neno linafanya nini. Hilo la pili ndilo la hatari, kwa kuwa robocopy hufuta mafaili bila kuuliza ikiambiwa ifute.

Tuchukue ofisi moja ya uhasibu. Kompyuta kuu ina folda `D:\Hesabu`, na ndani yake kuna folda ndogo za Ankara, Benki, Kodi na Mishahara. Seva ya ofisi inaitwa SEVA1, na ina folda iliyoshirikiwa kwenye mtandao kwa jina la Nakala. Tunataka kila usiku folda ya Hesabu iwe na pacha wake kwenye seva: mafaili yaleyale, tarehe zilezile, ruhusa zilezile, na lililofutwa huku lifutwe na kule. Kompyuta zote mbili ni wanachama wa kikoa kimoja, yaani majina ya watumiaji yanatunzwa mahali pamoja kwa ofisi nzima. Amri yenyewe ni hii:

```
robocopy "D:\Hesabu" "\\SEVA1\Nakala\Hesabu" /MIR /COPY:DATSO /DCOPY:DAT /B /R:2 /W:5 /NP /LOG:"C:\Ripoti\hesabu.txt" /TEE /L
```

Baada ya jina la amri kuna sehemu mbili: kwanza chanzo, kisha mahali pa kupeleka. Ukizibadilishana, seva ndiyo inakuwa mwalimu na kompyuta ndiyo mwanafunzi. Kama folda ya seva bado ni tupu, folda ya Hesabu itafutwa yote. Soma mstari huu kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter: kutoka hapa, kwenda pale. Angalia pia kwamba njia haimaliziki kwa mkwaju. Ukiandika `"D:\Hesabu\"`, mkwaju ulio mbele ya alama ya kufunga nukuu huifanya alama hiyo isihesabiwe kuwa ya kufunga; njia mbili zinashikana kuwa moja na amri inakataa.

Swichi ya `/MIR` ndiyo kiini. Inaunganisha mambo mawili: kunakili folda zote ndogo, hata zilizo tupu, na kufuta kule kwenye seva kila kitu ambacho hakipo kwenye chanzo. Neno kila kitu hapa lina maana yake kamili. Fundi akikosea akaandika `\\SEVA1\Nakala` peke yake, akasahau `\Hesabu` mwishoni, robocopy itaona folda za idara nyingine zilizomo humo, itazikosa kwenye chanzo, na itaziondoa zote. Haziendi kwenye Recycle Bin, zimefutwa. Ndiyo maana kila folda inayoakisiwa lazima iwe na folda yake ya peke yake kule iendako, isiyochangiwa na kitu kingine.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalijui kuhusu kuakisi. Robocopy hulinganisha ukubwa na tarehe ya mwisho ya kuandikwa. Vikitofautiana, faili la chanzo linachukua nafasi ya lile la seva, hata kama la chanzo ndilo la zamani zaidi. Kwa hiyo karani akifungua nakala iliyo kwenye seva, akaisahihisha na kuihifadhi hukohuko, kazi yake itapotea usiku huo. Kwenye ripoti itaonekana neno `Older` mbele ya jina la faili, basi. Wafanyakazi waambiwe mapema kwamba pacha wa kwenye seva si mahali pa kufanyia kazi. Vizuri zaidi, wapewe ruhusa ya kusoma tu kupitia folda iliyoshirikiwa, na akaunti inayoendesha robocopy peke yake ndiyo iweze kuandika.

Mwisho wa amri yetu kuna `/L`. Swichi hii huigeuza kazi nzima kuwa jaribio: robocopy inapita kila folda, inaorodhesha itakachonakili na itakachofuta, lakini haigusi chochote. Endesha hivyo kwanza, ufungue ripoti, utafute neno `*EXTRA`. Kila mstari wenye neno hilo ni kitu kilichopo kwenye seva na hakipo kwenye chanzo, yaani ndicho kitakachofutwa. Mara ya kwanza, folda ya seva ikiwa mpya, neno hilo halipaswi kuonekana hata mara moja. Likionekana, umekosea njia. Ukiridhika, ondoa `/L` uendeshe amri kwa kweli.

Tuje kwenye tarehe. Swichi ya `/COPY` inafuatwa na herufi, na kila herufi ni kitu cha kubeba. D ni maudhui ya faili, A ni sifa zake kama vile kufichwa au kusomwa tu, T ni tarehe na saa, S ni ruhusa, O ni mmiliki. Usipoandika chochote, robocopy hubeba DAT, kwa hiyo tarehe za mafaili husalimika bila wewe kufanya kitu. Folda zina swichi yake ya peke yake, `/DCOPY`, na hapo kawaida yake ni DA tu, bila T. Ndiyo sababu watu hushangaa kuona mafaili yana tarehe sahihi lakini folda zote ni za leo. Mkaguzi anayetaka kujua folda ya Kodi ilifunguliwa mwaka gani atapotoshwa. Andika `/DCOPY:DAT` na jambo hilo limekwisha.

Seva ikiwa ni kisanduku kidogo cha kuhifadhia data chenye mfumo wa Linux, au diski ya nje yenye muundo wa FAT, tarehe zinaweza kuleta shida nyingine. Windows hutunza saa kwa vipande vidogo mno vya sekunde, ilhali FAT huikata hadi sekunde mbili mbili. Robocopy ikilinganisha inaona tofauti, inadhani faili limebadilika, na kila usiku inanakili kila kitu upya. Dalili ni rahisi kuiona: kazi inachukua muda uleule kila siku, na safu ya Copied kwenye ripoti inalingana na safu ya Total. Dawa ni kuongeza `/FFT`, inayoruhusu tofauti ya sekunde mbili. Ipo pia `/DST` kwa nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka. Tanzania, Kenya na Uganda hazifanyi hivyo, kwa hiyo ofisi yetu haiihitaji.

Ruhusa ndizo zenye kazi zaidi, na hapa inafaa kuelewa kinachobebwa hasa. Ruhusa za faili kwenye diski ya NTFS haziandikwi kwa majina. Zinaandikwa kwa namba ndefu za utambulisho zinazoanza na `S-1-5-21`, na Windows hutafuta jina la mwenye namba pale unapotaka kutazama. Kompyuta zikiwa kwenye kikoa kimoja, namba ya mhasibu mkuu inatambuliwa kote, na ruhusa iliyobebwa inaendelea kufanya kazi. Lakini kama mtumiaji ameundwa ndani ya kompyuta moja tu, namba yake haina maana kwenye mashine nyingine. Robocopy itaibeba kwa uaminifu, na kwenye seva utaona `Account Unknown` ikifuatiwa na namba tupu. Faili halitafunguka kwa mtu huyo, hata kama kwenye seva kuna mtumiaji mwenye jina lilelile na nenosiri lilelile. Ofisi isiyo na kikoa isijisumbue kubeba ruhusa. Ibebe DAT, kisha ipange ruhusa kwenye seva kwa mkono.

Akaunti inayoendesha kazi nayo lazima iwe na uwezo wa kutosha. Kuweka ruhusa na kumtaja mmiliki si sawa na kuandika faili. Folda iliyoshirikiwa ikiwa imempa mtu haki ya Change, ataandika na kufuta lakini hataweza kuweka ruhusa. Anahitaji Full Control. Kuna pia swichi ya `/B`, ambayo humwezesha mwenye haki ya kuhifadhi nakala kusoma hata mafaili ambayo ruhusa zake hazimtaji, kama yale ya Mishahara. Haki hiyo wanayo walio katika kikundi cha Administrators au Backup Operators, na inatakiwa pande zote mbili, kwenye kompyuta na kwenye seva. Bila hayo utakutana na `ERROR 5`, yaani umenyimwa kuingia. Fungua dirisha la amri kwa Run as administrator, na utumie njia kamili ya `\\SEVA1`, si herufi ya diski kama Z:, kwa kuwa herufi hizo mara nyingi hazionekani kwenye dirisha lililofunguliwa kwa madaraka ya msimamizi.

Mafundi wengi huandika `/COPYALL`, inayoongeza herufi U, yaani mipangilio ya ukaguzi. Akaunti ikikosa haki ya kusimamia ukaguzi, robocopy inakataa kuanza kabisa. Ofisi nyingi ndogo hazina mipangilio hiyo, na DATSO inazitosha.

Baada ya mzunguko wa kwanza, hakikisha kwa macho. Endesha amri hizi mbili ulinganishe majibu:

```
icacls "D:\Hesabu\Mishahara"
icacls "\\SEVA1\Nakala\Hesabu\Mishahara"
```

Majina na herufi za haki zinapaswa kulingana. Kisha fanya jaribio lenye uzito kuliko yote: mwombe karani asiyehusika na mishahara, akiwa ameingia kwa akaunti yake mwenyewe, ajaribu kufungua faili la Mishahara kwenye seva. Anapaswa kukataliwa.

Kuna mtego mmoja unaojitokeza miezi kadhaa baadaye. Mhasibu msaidizi anahamishiwa idara nyingine, na jina lake linaondolewa kwenye mafaili ya Mishahara katika kompyuta kuu. Maudhui hayajabadilika, tarehe ya kuandikwa haijabadilika, ukubwa ni uleule. Robocopy inayaona mafaili hayo kuwa ni yaleyale na inayaruka, na ruhusa za zamani zinabaki kwenye seva. Aliyehamishwa bado anaweza kuyasoma huko. Swichi ya `/SECFIX` hurekebisha ruhusa za mafaili yote, hata yanayorukwa. Huongeza muda wa kazi kwa sababu kila faili linaguswa, kwa hiyo si lazima iwe ya kila usiku. Mara moja kwa wiki, na kila mara mtu anapohama au kuacha kazi, inafaa.

Namba za `/R` na `/W` zinaonekana ndogo lakini usiziache. R ni mara za kujaribu tena faili linapokataa, W ni sekunde za kusubiri kati ya jaribio na jaribio. Usipozitaja, robocopy hujaribu mara 1,000,000 na husubiri sekunde 30 kila mara. Faili moja lililofungwa na programu nyingine lingeishikilia kazi hiyo zaidi ya siku 340. Mara mbili kwa sekunde tano zinatosha.

Sasa ripoti. Asubuhi moja, ofisi yetu inakuta muhtasari huu mwishoni mwa faili la ripoti:

```
           Total  Copied Skipped Mismatch  FAILED  Extras
 Dirs :      214       1     213        0       0       0
Files :     3182      41    3139        0       2       3
```

Chanzo kina mafaili 3,182. Mafaili 41 ni mapya au yamebadilika, yamenakiliwa. Mafaili 3,139 hayakubadilika, yamerukwa. Matatu yalikuwa kwenye seva tu, na yamefutwa. Mawili yameshindikana, na hayo ndiyo ya kufuatilia. Ukipanda juu ya ripoti kutafuta neno ERROR, unakuta `ERROR 32` mbele ya faili la data la programu ya uhasibu: lilikuwa limefunguliwa na programu yenyewe usiku ule. Swichi ya `/B` haisaidii hapa, kwa kuwa tatizo ni faili kushikiliwa, si ruhusa. Ama programu ifungwe kabla ya saa ya kunakili, ama itumike njia ya programu yenyewe ya kutoa nakala ya data yake na robocopy ichukue nakala hiyo.

Robocopy pia hutoa namba moja inapomaliza, na namba hiyo imepotosha watu wengi. Kwa kawaida programu ikitoa 0 imefanikiwa, na namba nyingine yoyote ni kosa. Robocopy haiko hivyo. Hutoa 1 ikiwa imenakili kitu, 2 ikiwa imekuta vya ziada, 4 ikiwa kuna vilivyogongana, kama faili upande mmoja na folda yenye jina hilohilo upande wa pili, 8 ikiwa kuna vilivyoshindikana, na 16 ikiwa kazi yote imekwama. Kisha inazijumlisha. Usiku wetu ulikuwa na 1, 2 na 8, kwa hiyo jumla ni 11. Kanuni ya kukumbuka: chini ya 8 hakuna kilichoshindikana, na kuanzia 8 kwenda juu kuna kitu hakikufika. Task Scheduler haijui hayo. Itaonyesha 0x1 na msimamizi atadhani kazi imeharibika.

Kwa sababu hiyo amri ya kila usiku huwekwa ndani ya faili dogo la bechi linalotafsiri namba hiyo, na lenye mlinzi mlangoni:

```
@echo off
if not exist "D:\Hesabu\USIFUTE.txt" exit /b 99
robocopy "D:\Hesabu" "\\SEVA1\Nakala\Hesabu" /MIR /COPY:DATSO /DCOPY:DAT /B /R:2 /W:5 /NP /LOG+:"C:\Ripoti\hesabu.txt"
if %ERRORLEVEL% GEQ 8 exit /b 1
exit /b 0
```

Mstari wa pili ndio mlinzi. Diski ya D: ikifa kabisa, robocopy haiwezi kukifikia chanzo, inatoa 16 na haifuti kitu. Hatari ipo pale folda inapokuwepo lakini tupu: diski mpya imewekwa, au mtu amehamisha kila kilichokuwamo. Robocopy haitofautishi folda iliyotolewa vitu kwa bahati mbaya na iliyosafishwa kwa makusudi. Inaifanya seva ifanane nayo. Faili dogo la USIFUTE.txt likikosekana, amri haiendi. Mlinzi huyu hatambui folda iliyopoteza nusu ya vitu vyake, kwa hiyo safu ya Extras bado itazamwe kila asubuhi. Tatu ni kawaida. Mia tisa ni sababu ya kupiga simu.

Kwenye Task Scheduler, chagua akaunti ya kikoa yenye haki tulizozitaja, weka alama kwenye Run whether user is logged on or not na Run with highest privileges, na uipange saa ambayo ofisi imefungwa, tuseme saa nne usiku. Folda ya `C:\Ripoti` iundwe kabla, na wafanyakazi wa kawaida wasiweze kuibadilisha.

Akisi hii haiwezi kukurudisha kwenye hali ya juzi. Faili lililoharibiwa na virusi vinavyofunga data saa kumi jioni litakuwa limeharibika na kwenye seva kufikia saa nne na nusu usiku. Kwa siku zilizopita, washa Shadow Copies kwenye diski ya seva yenye folda ya Nakala. Windows Server inaweza kutunza hadi picha 64 za nyuma kwa kila diski, nafasi ikiruhusu. Virusi vya aina hiyo vikifika kwenye seva yenyewe hujaribu kuzifuta picha hizo pia, kwa hiyo nakala nyingine ikae kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini.

Siku kompyuta kuu itakapokufa na mpya kuletwa, fundi ataunda folda tupu ya `D:\Hesabu` na kutaka kurudisha vitu kutoka kwenye seva. Arudishe kwa `/E` badala ya `/MIR`, chanzo kikiwa `\\SEVA1\Nakala\Hesabu`, na swichi nyingine zibaki vilevile. Kabla ya hapo, tafadhali, mtu aingie kwenye Task Scheduler na kuizima kazi ya saa nne usiku. Asiiwashe tena mpaka mafaili yote yawe yamerudi na kuhesabiwa.